Mtoto Halali Usiku: Melatonini Inafaa Lini, na Ni Lini Lazima Daktari Amwone?

Katika makazi ya Lobule kule Koboko, na katika Kambi ya Rhino na Imvepi upande wa Arua ya zamani, kuna kichupa kidogo ambacho wazazi wameanza kukiulizia. Wengine wametumiwa na ndugu walioko Amerika au Australia. Wengine wamekiona katika duka la dawa mjini Arua. Ndani yake kuna vidonge, au peremende laini zenye rangi, na watu husema ni dawa ya kumlaza mtoto. Jina lake ni melatonini.

Swali la wazazi ni moja: je, nimpe mwanangu? Jibu si ndiyo wala hapana kwa watoto wote. Kuna mtoto ambaye melatonini itamsaidia, na kuna mtoto ambaye itamchelewesha kupata matibabu ya ugonjwa mkubwa. Hapa kwetu Nile Magharibi tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu, nayo ni ugonjwa wa malale. Tutafika huko. Kwanza tuelewe dawa yenyewe.

MELATONINI NI NINI?

Melatonini si kitu kigeni. Mwili wa kila mtu huitengeneza. Ndani ya ubongo kuna tezi ndogo, na giza linapoingia tezi hiyo huanza kutoa melatonini katika damu. Ni kama mpiga ngoma anayetangaza kijijini kwamba usiku umefika. Mwanga unapoingia machoni, ngoma hunyamaza.

Kwa hiyo melatonini haimwangushi mtoto usingizini kwa nguvu kama sindano ya usingizi ya hospitali. Inaujulisha mwili saa ya kulala. Ukielewa hilo utaelewa pia mipaka yake. Inaweza kumsaidia mtoto ambaye saa yake ya usingizi imechelewa, yule anayepanda kitandani saa 2 usiku na kukaa macho mpaka saa 5. Haiwezi kuondoa kinachomwamsha mtoto aliyekwisha lala. Kama ni njaa, kunguni, upele, minyoo inayowasha au homa, kitu hicho kitaendelea kumwamsha hata akimeza vidonge.

Hata ndoto za kutisha za vita na za safari ya kukimbia haziondolewi na melatonini. Mtoto huyo anahitaji kusikilizwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji, naye ataeleza njia ya kufika kwa washauri wa afya ya akili. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili.

KABLA YA KIDONGE: WIKI MBILI ZA KUTENGENEZA USIKU

Madaktari wanaotumia melatonini kwa watoto hawaanzi na kidonge. Kule Uingereza kulifanyika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012, kwa watoto wa miaka 3 hadi 15 wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, ambao hawakuwa wakilala vizuri. Wazazi wao walipewa kwanza kijitabu cha mafunzo ya usingizi na wakakifuata kwa wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo ndipo watoto ambao bado walikuwa na shida waliingizwa katika majaribio ya dawa.

Sisi hapa tunaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama. Chagua saa moja ya kulala na saa moja ya kuamka, na uzishike siku zote, hata siku ambayo hakuna shule. Saa ya kuamka ndiyo muhimu zaidi. Mtoto anayeachwa alale mpaka saa 4 asubuhi kwa sababu alichelewa jana, leo tena hatapata usingizi mapema.

Angalia usingizi wa mchana. Mtoto wa miaka 6 na kuendelea ambaye analala saa nzima alasiri anatumia mchana usingizi wa usiku. Angalia pia chai ya majani na soda za kola jioni, kwa maana zina kitu kinachozuia usingizi. Mpe uji au maji badala yake.

Halafu uangalie mwanga. Saa moja kabla ya kulala, weka simu mbali na umtoe mtoto kwenye banda la video. Taa ya sola iliyo karibu na uso wake ihamishwe pembeni au ipunguzwe. Kumbuka yule mpiga ngoma: mwanga mkali machoni humnyamazisha. Asubuhi fanya kinyume chake, mtoto atoke nje juani mapema.

Fanya haya kwa wiki mbili kamili, na kila asubuhi andika mambo manne katika karatasi: saa aliyopanda kitandani, saa aliyolala, mara alizoamka, na saa aliyoamka asubuhi. Kama huna saa, tumia adhana, redio au kengele ya shule kukisia. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto mkubwa wa shule akuandikie. Karatasi hiyo itakuwa na maana kubwa mbele ya daktari kuliko maneno "halali kabisa".

DOZI NDOGO NDIYO MWANZO

Tuseme wiki mbili zimepita, mtoto amepimwa kituoni, hana ugonjwa mwingine, na daktari amekubali melatonini ijaribiwe. Ataanza na kiasi gani?

Kwa watoto, kuanza ni nusu miligramu au miligramu 1. Wazazi wengi wakisikia hivyo huona ni kidogo mno, hasa kwa sababu vidonge vingi vinavyouzwa ni vya miligramu 3, 5 au 10. Lakini fikiri hivi: melatonini yote ambayo mwili hutengeneza kwa usiku mzima haifiki hata sehemu ya kumi ya miligramu moja. Nusu miligramu tayari inazidi ile ya mwili mara kadhaa. Ngoma imekwisha kusikika. Kuipiga kwa nguvu mara kumi hakuleti usiku mara kumi. Huleta mtoto mzito asubuhi, mwenye kichwa kuuma na kizunguzungu, anayesinzia darasani.

Katika ule utafiti wa Uingereza watoto walianza na nusu miligramu, dakika 45 kabla ya kulala, na waliongezwa tu pale ambapo kiasi cha kwanza hakikutosha. Matokeo yake yanafaa kujulikana na kila mzazi. Waliopewa melatonini walipata usingizi mapema zaidi, zaidi ya nusu saa kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini jumla ya usingizi wao kwa usiku iliongezeka kidogo tu, kwa sababu wengi waliamka mapema zaidi asubuhi. Basi usitarajie muujiza. Tarajia mtoto anayelala mapema kidogo.

Kuhusu saa ya kumpa, watu hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza humpa mtoto wakati anapanda kitandani, akidhani itafanya kazi papo hapo. Dawa huhitaji nusu saa hadi saa moja. Wa pili husubiri mpaka saa 5 au saa 6 usiku, akiona mtoto bado yuko macho, ndipo humpa kwa hasira. Huyo ameuambia mwili kwamba usiku umeanza saa 6, na kesho mambo yatakuwa mabaya zaidi. Kama saa ya dawa imepita, acha, subiri kesho. Usimpe pia mtoto aliyeamka katikati ya usiku.

TUCHUKUE MFANO

Chukua msichana wa miaka 8. Mchana ni mzima, anacheza, anakula, hana homa. Mama yake humlaza saa 2 usiku, lakini karatasi inaonyesha anapata usingizi karibu na saa 5. Asubuhi saa 12 anaamshwa kwa shule, naye analia na kusinzia.

Wiki mbili za kwanza mama hatoi dawa yoyote. Anaondoa simu jioni, anamzuia kulala alasiri, anamtoa nje asubuhi. Pia anasogeza saa ya kupanda kitandani iwe saa 2 na nusu, kwa sababu kumlaza saa 2 mtoto ambaye hana usingizi ni kumfundisha kukaa macho kitandani. Mwisho wa wiki ya pili msichana analala saa 4 badala ya saa 5. Amepata saa nzima bila kidonge.

Bado kuna saa moja na nusu ya kugaagaa, kwa hiyo mama anaenda kliniki na karatasi yake. Daktari anampima, anauliza maswali, anakubali. Kidonge walicho nacho ni cha miligramu 1 cha kawaida, kwa hiyo wiki ya kwanza ni nusu kidonge kila siku saa 1 na dakika 45 usiku, yaani dakika 45 kabla ya kulala. Mtoto sasa analala saa 3 na dakika 45. Wiki ya pili anapewa kidonge kizima, saa ile ile. Analala kati ya saa 2 na dakika 50 na saa 3.

Hapo mama anasimama. Nusu saa ya kutafuta usingizi ni ya kawaida kwa mtoto yeyote. Hakuna sababu ya kupanda mpaka miligramu 2 au 3 eti kwa kuwa zipo. Msichana bado huamka mara moja usiku kwenda kukojoa, na hilo halikubadilika. Daktari anamwona tena baada ya mwezi mmoja. Baada ya miezi mitatu anamwambia mama aache dawa kwa wiki moja wakati wa likizo, aone kama usingizi umeshika wenyewe. Mara nyingi huwa umeshika, kwa sababu zile desturi za jioni zimebaki.

Kama ingekuwa kidonge kizima hakikutosha, daktari angeweza kupanda polepole, wiki kwa wiki. Watoto wengi hawahitaji zaidi ya miligramu 3. Kuvuka hapo si kazi ya mzazi wala ya muuza duka. Na kama dozi iliyokubaliwa na daktari imetolewa kwa wiki mbili kwa saa sahihi na hakuna mabadiliko, dawa si jibu. Iachwe na sababu itafutwe upya.

SOMA KICHUPA VIZURI

Kabla ya kukata kidonge, tazama aina yake. Kuna vidonge vya kawaida, na kuna vingine vilivyotengenezwa vitoe dawa polepole usiku kucha. Hivi vya pili havikatwi wala kusagwa, maana ukivikata dawa yote hutoka mara moja. Mwonyeshe daktari au mfamasia kichupa chenyewe kabla ya kutumia kisu.

Tazama pia namba. Vichupa vingine huandikwa kwa maikrogramu. Maikrogramu 500 ni sawa na nusu miligramu. Mtu akisoma haraka anaweza kudhani namba 500 ni kubwa na namba 5 ni ndogo, kumbe ile 5 ya miligramu ni mara kumi zaidi.

Hata hivyo, kichupa chenyewe kinaweza kusema uongo. Amerika, melatonini huuzwa kama chakula cha ziada na haikaguliwi kama dawa. Mwaka 2023 wataalamu wa huko walipima aina 25 za peremende za melatonini, wakakuta aina 22 hazilingani na maandishi. Moja haikuwa na melatonini hata chembe. Nyingine ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya kilichoandikwa. Ndiyo maana mtoto akilewa usingizi kwa dozi ndogo kutoka kichupa fulani, huenda si dozi ndogo. Acha kichupa hicho.

Peremende zina hatari nyingine, kwa sababu watoto huzipenda. Amerika, simu za kuripoti watoto waliomeza melatonini ovyo zilipanda kutoka zaidi ya 8,000 mwaka 2012 hadi zaidi ya 52,000 mwaka 2021. Wengi wao walipona bila shida, lakini wachache waliugua sana. Katika nyumba ya chumba kimoja hakuna kabati la juu, kwa hiyo funga kichupa ndani ya sanduku lenye kufuli. Mtoto akimeza vidonge vingi, mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na kichupa. Usimtapishe, usimpe maziwa, usisubiri aamke.

SASA MALALE

Hapa ndipo tunapotofautiana na mzazi wa Uingereza au Amerika. Mtoto wake akilala mchana na kukesha usiku, daktari wa huko atafikiria simu na shule. Mtoto wa Koboko, Arua, Yumbe au Adjumani akifanya hivyo, lazima pia tufikirie malale.

Malale huletwa na kijidudu kinachoambukizwa na mbung'o, wale wanaokaa kwenye vivuli vya miti kandokando ya mito. Aina inayopatikana Nile Magharibi huenda polepole sana. Mtu anaweza kukaa miezi mingi, hata miaka, akiwa na homa zinazokuja na kuondoka, kichwa kuuma, kuwashwa ngozi, na tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Baadaye kijidudu huingia katika ubongo. Hapo usingizi huvurugika: mtoto husinzia mchana hata akiwa anakula, na usiku hulala vipande vipande au hukesha. Tabia hubadilika. Mtoto mpole huwa mkali, mwenye akili darasani hushindwa, mwingine hutembea kwa kuyumba. Asipotibiwa, mwisho wake huwa kifo.

Wazee wa hapa wanaukumbuka ugonjwa huu. Katika miaka ya 1980 na 1990 ulienea sana huku, na kituo cha afya cha Omugo kilikuwa mahali pa kutibia wagonjwa wengi. Baadaye ulipungua kwa sababu watu walipimwa na kutibiwa, na kwa sababu ya vile vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi vilivyoanza kuwekwa kandokando ya mito tangu mwaka 2011. Vile si vya kuchukua nyumbani. Vina dawa inayoua mbung'o wanaotua juu yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeiondoa aina hii ya malale kama tatizo kubwa la afya ya jamii.

Lakini kuondoa tatizo kubwa si kusema ugonjwa umekwisha. Kongo na Sudan Kusini bado kuna wagonjwa, na wengi wetu tumetoka huko. Na kwa sababu wagonjwa sasa ni wachache, ni rahisi zaidi kumsahau yule mmoja.

Je, melatonini ingemsaidia mtoto mwenye malale walau alale usiku? Hapana. Watafiti waliopima damu ya wagonjwa wa malale usiku na mchana walichapisha mwaka 1998 kwamba melatonini yao ilikuwa ikipanda usiku na kushuka mchana kama kawaida. Mpiga ngoma hana kosa. Ubongo wenyewe ndio umeshambuliwa na haumsikii. Kumwongezea ngoma hakusaidii kitu, na kila mwezi unaopita na kichupa ni mwezi ambao kijidudu kinaendelea na kazi.

Kupimwa si jambo la kuogopa. Kuna kipimo cha haraka kinachotumia tone la damu kutoka kidoleni, kama kile cha malaria. Kikionyesha dalili, si kusema tayari una malale. Wataalamu hutafuta kijidudu chenyewe kwa darubini kabla ya kuthibitisha. Kama kituo chenu hakina kipimo hicho, omba waeleze kinapatikana wapi. Matibabu nayo si yale ya zamani yaliyoogopwa. Leo wagonjwa wengi wenye umri wa miaka 6 na zaidi na uzito wa kilo 20 na zaidi wanaweza kutibiwa kwa vidonge vya kumeza kwa siku 10 pamoja na chakula. Watoto wadogo zaidi na waliozidiwa hutibiwa kwa njia nyingine hospitalini. Dawa hizo hutolewa bure.

NI LINI LAZIMA DAKTARI AMWONE?

Usianze melatonini, na kama umeanza usiendelee, mpaka daktari amwone mtoto mwenye mojawapo ya mambo haya:

Mtoto anasinzia mchana na kukesha usiku, na ana homa za kurudirudia, tezi shingoni, au tabia iliyobadilika. Taja neno malale mwenyewe mbele ya daktari. Mwambie mlikotoka, na kama mtoto huchota maji au kuoga mtoni.

Mtoto anashtuka au kukakamaa usingizini, anauma ulimi, au anaamka amekojoa na kuchanganyikiwa. Hiyo inaweza kuwa kifafa cha usiku, na kifafa kina matibabu yake. Kama tayari anameza dawa za kifafa, usiziache na usiongeze melatonini bila daktari, maana baadhi ya dawa hizo hubadilisha jinsi melatonini inavyofanya kazi mwilini.

Mtoto anakoroma kwa nguvu kila usiku na pumzi inakatika kisha inarudi kwa kishindo. Hapo njia ya hewa imeziba na inatakiwa kuangaliwa.

Mtoto hajafika miaka 2. Huyo hapewi melatonini nyumbani kabisa. Kuanzia miaka 2 hadi 5, ni daktari peke yake anayeamua.

Mtoto amekuwa akitumia dawa kwa miezi mitatu. Hata kama analala vizuri, daktari amwone na kujaribu kuipunguza au kuisimamisha. Athari za kutumia miaka mingi, hasa kwa mtoto anayeingia balehe, bado hazijachunguzwa vya kutosha.

Na kuna jambo moja ambalo halisubiri kliniki ya kesho. Mtoto mwenye homa ambaye haamshiki, au anaamka na kushindwa kunywa au kunyonya, huyo hana tatizo la usingizi. Inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Mpeleke usiku huo huo, kwa bodaboda au kwa mgongo.

UKIENDA KLINIKI, BEBA NINI?

Beba karatasi yako ya usingizi ya wiki mbili. Beba kichupa chenyewe, si jina lake tu, pamoja na dawa nyingine zote ambazo mtoto anatumia, hata za miti shamba. Mwambie daktari nani alikupa, umempa kiasi gani na saa ngapi. Usifiche kwa kuogopa kulaumiwa. Daktari asiyejua kwamba mtoto amemeza melatonini anaweza kuusoma vibaya usingizi wake.

Ukikuta kituo hakina melatonini, usijione umenyimwa. Si dawa inayookoa maisha, na usikope pesa wala kuuza mgao wa chakula ili kuinunua mjini. Kwa watoto wengi, zile wiki mbili za jioni zenye giza na asubuhi za mapema hufanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa mtoto mwingine, tone la damu kidoleni ndilo lenye thamani kuliko kichupa chote.

Kama una swali juu ya karatasi ya usingizi au hujui pa kuanzia, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chenu aje nyumbani. Tutakaa nawe tuijaze pamoja usiku wa kwanza.